Kupiga mwenyewe hesabu ya lizi ya gari kabla ya kutia saini

"Kaka, hebu niangalizie hii kabla sijaenda kusaini." Jamaa ninayefanya naye kazi hapa Marekani alinikabidhi karatasi aliyopewa na muuzaji wa magari. Ilikuwa na mistari michache tu: miezi 36, maili 12,000 kwa mwaka, dola 1,395 za kutanguliza, na chini yake, kwa maandishi makubwa, dola 455.36 kwa mwezi. Alitaka kujua kama hiyo 455.36 ni hesabu ya haki.

Kwa karatasi ile peke yake nisingeweza kumjibu. Malipo ya lizi hutokana na namba tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa imeandikwa pale. Nikamwambia amrudie muuzaji kwa ujumbe wa maandishi na kumwomba bei waliyokubaliana pamoja na ada zote zilizoingizwa humo, thamani ambayo benki inakadiria gari litabaki nayo mwisho wa mkataba, na kiwango ambacho benki inatumia kutoza pango la fedha yake. Namba mbili za kwanza zilikuja siku hiyo hiyo. Ya tatu haikuja. Nitaeleza hesabu nzima kwa kutumia karatasi yake, halafu nionyeshe jinsi tulivyoitoa ile ya tatu bila kuambiwa na mtu.

Kwanza ushike wazo lenyewe. Katika lizi, benki inalinunua gari na kubaki mwenye mali. Wewe unalitumia kwa muda uliopangwa, kisha unalirudisha. Kwa hiyo unalipia vitu viwili. Cha kwanza ni uchakavu, yaani sehemu ya thamani inayopotea gari likiwa mikononi mwako. Cha pili ni pango, yaani malipo kwa benki kwa sababu fedha yake imekaa ndani ya gari unaloendesha. Kila kitu kingine kwenye malipo ya mwezi ni kodi ya mauzo.

Hatua ya kwanza: tafuta gharama ya mtaji

Gharama ya mtaji ndiyo kiasi ambacho mkataba unaanzia. Wengi hudhani ni bei ya gari tu, kumbe ni bei ya gari pamoja na chochote ambacho kimebebeshwa juu yake badala ya kulipwa papo hapo. Humo huingia ada ya benki ya kufungua mkataba, ada ya makaratasi ya muuzaji kama hukuilipa taslimu, bima za ziada, dawa ya kulinda rangi ambayo pengine hukuiomba, na hata deni la gari la zamani kama ulilirudisha likiwa na mkopo unaozidi thamani yake.

Gari la jamaa yangu lilikuwa na kibandiko cha dirishani cha dola 36,000. Hii ni bei anayopendekeza mtengenezaji, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 ndiyo inayolazimisha ibandikwe kwenye kila gari jipya. Bei aliyokubaliana na muuzaji ilikuwa 33,500. Benki ilitoza ada ya 895 ya kufungua mkataba, nayo ikaingizwa ndani. Jumla ikawa 34,395.

Kutoka hapo unaondoa kinachopunguza mtaji: fedha taslimu uliyotanguliza, punguzo la mtengenezaji, au thamani ya gari la zamani uliloliacha. Yeye alitanguliza 1,395, basi akabaki na 33,000 kamili. Hiyo ndiyo gharama ya mtaji iliyorekebishwa, na ndiyo itakayotumika katika hesabu yote iliyobaki.

Angalizo moja hapa. Fedha unayolipa siku ya kusaini si lazima yote iende kupunguza mtaji. Mara nyingi humo mna malipo ya mwezi wa kwanza, usajili na namba za gari. Ukiambiwa "leta elfu mbili", uliza ni kiasi gani hasa kinapunguza mtaji, kwa sababu ni hicho tu unachoondoa katika hatua hii. Nimeona watu wakitoa fedha yote waliyolipa, hesabu yao inatofautiana na ya mkataba, halafu wanadhani wameibiwa ilhali walikosea hapa.

Hatua ya pili: tafuta thamani baki

Thamani baki ni makadirio ya benki ya thamani ya gari siku utakaporudisha funguo. Huwekwa kama asilimia, na asilimia hiyo hupigwa kwenye bei ya kibandiko. Haipigwi kwenye bei uliyoipata baada ya kujadiliana. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwa anayeanza.

Benki ya jamaa yangu ilikuwa imeweka asilimia 58 kwa mkataba wa miezi 36 na maili 12,000 kwa mwaka:

36,000 × 0.58 = 20,880

Angetumia 33,500 angepata 19,430, na malipo yake yangeonekana makubwa kuliko yalivyo. Ukifikiri kidogo, kanuni hii inakufaa wewe. Kila dola uliyoshusha kwenye bei inabaki kuwa faida yako nzima, maana thamani baki haishuki pamoja nayo.

Muuzaji hawezi kuibadilisha asilimia hii, kwa hiyo usipoteze pumzi kuijadili. Benki ndiyo huipanga kwa kila modeli, kwa urefu wa mkataba na kwa idadi ya maili. Ukiomba maili nyingi zaidi itashuka, kwa kuwa gari litarudi limetumika zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, wauzaji wawili wa chapa moja wanaotumia benki moja watakupa asilimia ile ile kwa gari lile lile, muda ule ule na maili zile zile. Wakikupa tofauti, mmoja wao amekupigia hesabu ya kitu kingine: toleo tofauti, maili tofauti au miezi tofauti. Kwa hiyo ukipata ofa mbili, linganisha asilimia hii kabla ya kulinganisha malipo ya mwezi.

Hatua ya tatu: uchakavu wa kila mwezi

Hapa hakuna fumbo. Toa thamani baki kwenye gharama ya mtaji iliyorekebishwa, kisha gawanya kwa miezi:

33,000 − 20,880 = 12,120
12,120 ÷ 36 = 336.67

Kila mwezi jamaa yangu atalipia dola 336.67 za thamani inayopotea.

Hatua ya nne: pango, na mani fakta

Hapa ndipo wengi hukwama. Benki za lizi hazitaji riba kwa asilimia kama zinavyofanya kwenye mkopo. Hutumia namba ndogo ya desimali inayoitwa mani fakta, kwa mfano 0.00125. Muuzaji akiitaja kwa mdomo huweza kusema "moja nukta mbili tano", akiacha sufuri za mbele, na mteja akadhani ni asilimia 1.25 kwa mwaka. Siyo. Zirudishe sufuri zake kwanza.

Kanuni ya pango ni fupi: jumlisha gharama ya mtaji iliyorekebishwa na thamani baki, kisha zidisha kwa mani fakta. Kwa 0.00125:

33,000 + 20,880 = 53,880
53,880 × 0.00125 = 67.35

Ukiiona mara ya kwanza inashangaza. Kwa nini kujumlisha? Mbona gari lina thamani ya 33,000 tu na sisi tunatoza pango juu ya 53,880? Jamaa yangu aliposikia hivi aliweka kalamu chini. Ni swali zuri, na jibu lake ndilo litakalokuwezesha kuikumbuka kanuni hii bila kuikariri.

Fikiria fedha ya benki iliyomo ndani ya gari. Siku ya kwanza ni 33,000. Kila mwezi unairudishia kipande kupitia uchakavu, mpaka mwezi wa 36 inabaki 20,880, ambayo hulipi kwa sababu unalirudisha gari lenyewe. Kwa hiyo katika kipindi chote, fedha ya benki iliyokaa ndani ya gari ni, kwa wastani, katikati ya namba hizo mbili:

(33,000 + 20,880) ÷ 2 = 26,940

Sasa toza riba ya asilimia 3 kwa mwaka juu ya wastani huo. Asilimia 3 kwa mwaka ni asilimia 0.25 kwa mwezi:

26,940 × 0.0025 = 67.35

Senti ile ile. Yaani kujumlisha ni nusu ya kazi ya kutafuta wastani. Kule kugawanya kwa mbili kumefichwa ndani ya mani fakta yenyewe, pamoja na kugawanya kwa miezi 12 na kwa 100 ya asilimia. Mbili mara 12 mara 100 ni 2,400. Hapo ndipo inapotoka ile namba ambayo watu wa lizi huitaja bila kueleza: zidisha mani fakta kwa 2,400 upate riba ya mwaka kwa asilimia, au gawanya riba kwa 2,400 upate mani fakta. 0.00125 mara 2,400 ni 3.

Ni makadirio, lakini ni makadirio ya karibu sana. Kwa namba hizi hizi, ukipiga hesabu kamili ya mkopo wa asilimia 3 unaoacha salio la 20,880, unapata dola 404.66 kama unalipa mwisho wa kila mwezi, na kama senti mia moja pungufu ya hapo kama unalipa mwanzoni, jinsi lizi zinavyolipwa. Kanuni ya mani fakta, kama utakavyoona sasa hivi, inatoa 404.02, katikati ya hizo mbili. Kwa kazi ya kukagua ofa inatosha kabisa.

Kuna jambo jingine la kuonwa hapa. Thamani baki kubwa hupunguza uchakavu lakini huongeza pango kidogo, kwa kuwa fedha nyingi zaidi ya benki inabaki ndani ya gari bila kurudishwa. Asilimia moja zaidi ya thamani baki kwenye gari hili ni dola 360. Uchakavu unashuka kwa dola 10 kwa mwezi, pango linapanda senti 45, unabaki na nafuu ya 9.55. Ikiwa mani fakta ni kubwa, basi hata gari linaloshikilia thamani vizuri linaweza kuwa na malipo yasiyopendeza.

Hatua ya tano: jumlisha, kisha kodi

Uchakavu 336.67 na pango 67.35 vinatoa malipo ya msingi ya dola 404.02 kwa mwezi.

Kodi ya mauzo hutegemea jimbo, na hapa hakuna kanuni moja. Katika majimbo mengi hutozwa juu ya kila malipo ya mwezi. New York hutoza juu ya jumla ya malipo yote ya mkataba, na inadaiwa mwanzoni. Texas kodi ya asilimia 6.25 hupigwa kwenye bei ya gari zima, na kwa kawaida benki humrudishia mteja mzigo huo. Ikiwa kodi ya aina hiyo imeingizwa ndani ya mtaji, lazima uwe umeiongeza tangu hatua ya kwanza, la sivyo hesabu yako itapungua.

Jamaa yangu anaishi mahali ambapo kodi ni ya mwezi kwa mwezi, na kwake ilikuwa asilimia 7:

404.02 × 0.07 = 28.28
404.02 + 28.28 = 432.30

Dola 432.30. Karatasi yake ilisema 455.36. Kuna dola 23.06 kila mwezi ambazo hatukuweza kuzieleza, na bado hatukuwa tumekosea popote. Ile 0.00125 nilikuwa nimeipata kwa muuzaji mwingine wa chapa hiyo hiyo, kwa benki hiyo hiyo, mwezi huo huo, na kwa daraja la mkopo ambalo jamaa yangu anamo.

Kurudi nyuma: kuitoa mani fakta isiyotajwa

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mtu aijue, maana mani fakta ndiyo namba pekee kati ya tatu ambayo sheria hailazimishi iandikwe. Sheria ya shirikisho ya ukodishaji kwa watumiaji ya 1976, na Kanuni M inayoitekeleza, inalazimisha mkataba uonyeshe jinsi malipo ya mwezi yalivyopatikana, mstari kwa mstari: gharama ya mtaji ya jumla, kinachoipunguza, iliyorekebishwa, thamani baki, uchakavu wa jumla, tozo la pango, jumla ya malipo ya msingi, idadi ya malipo, na malipo ya msingi ya mwezi. Mani fakta haimo. Lakini tozo la pango limo kwa dola, na hilo linatosha.

Kama una mkataba mkononi, chukua tozo la pango, ligawanye kwa idadi ya miezi, kisha gawanya kwa jumla ya mtaji uliorekebishwa na thamani baki. Kama una ofa tu, anza na malipo ya mwezi. Jamaa yangu alikuwa na ofa tu, basi tulifanya hivi.

Kwanza tuliiondoa kodi. Malipo yenye kodi ya asilimia 7 hugawanywa kwa 1.07. Wengi hukosea kwa kutoa asilimia 7 ya namba kubwa, na hiyo hutoa jibu pungufu.

455.36 ÷ 1.07 = 425.57

Kisha tukaondoa uchakavu, ambao tayari tunaujua kwa kuwa hauhitaji mani fakta:

425.57 − 336.67 = 88.90

Hiyo ndiyo pango ya mwezi. Gawanya kwa ile jumla:

88.90 ÷ 53,880 = 0.00165

Mara 2,400 inakuwa asilimia 3.96 kwa mwaka. Benki ilikuwa tayari kumkodisha kwa asilimia 3. Tofauti ya 0.0004 iliongezwa katikati. Kwa miezi 36 ni dola 775.87 kabla ya kodi, na hakuna mahali pa karatasi palipoitaja.

Muuzaji kuongeza kiwango cha benki ni jambo la kawaida katika biashara hii na ni sehemu ya faida yake, kama ilivyo kwa bei ya gari. Ninachokipinga ni mteja kujadili bei kwa saa tatu, akashusha dola 700, kisha akazirudisha zote kupitia namba ambayo hakuambiwa kwamba ipo. Lakini kuwa mwangalifu kabla ya kumtuhumu mtu. Benki huwa na viwango tofauti kwa madaraja tofauti ya historia ya mkopo, na viwango hivyo hubadilika karibu kila mwezi. Kama historia yako ni ya daraja la chini, mani fakta kubwa inaweza kuwa ndiyo ya benki kweli. Linganisha daraja kwa daraja, mwezi kwa mwezi.

Pia usiamini mani fakta uliyoitoa mpaka uwe na uhakika na gharama ya mtaji. Hili linahitaji kuelezwa, kwa sababu ni mtego. Malipo yale yale ya 425.57 yangeweza kupatikana kwa 0.00125 halali kabisa, iwapo bei ya gari ingekuwa 34,242 badala ya 33,500. Jaribu mwenyewe: mtaji uliorekebishwa unakuwa 33,742, uchakavu 357.28, pango 68.28, jumla 425.56. Tofauti ni senti moja. Kwa hiyo kwa kuangalia malipo ya mwezi pekee huwezi kujua kama umepandishiwa bei au kiwango. Muuzaji anaweza kukuapia, na akawa mkweli, kwamba hakugusa kiwango cha benki. Ndiyo maana nilimtaka jamaa yangu apate bei na ada zote kwa maandishi kwanza.

Kwenye mkataba una haki ya kuomba mchanganuo wa gharama ya mtaji kwa maandishi. Fomu huwa na kisanduku cha kutia alama kwa ajili hiyo. Tia alama. Ukiona mstari usioutambua, kama dawa ya viti au kifaa cha kufuatilia gari, hapo ndipo mtaji ulipopanda bila wewe kujua. Na kwa kawaida vitu anavyovifunga muuzaji mwenyewe havipandishi thamani baki, kwa hiyo unavilipia vyote ndani ya miezi hiyo 36 na kuvirudisha pamoja na gari.

Kutanguliza fedha nyingi

Jamaa yangu aliuliza kama aongeze za kutanguliza ili mwezi uwe mwepesi. Hesabu inajibu. Kila dola 1,000 inayopungua kwenye mtaji hushusha uchakavu kwa 27.78 na pango kwa 1.25 (kwa mani fakta ya 0.00125), jumla 29.03 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni dola 1,045. Umetoa elfu moja leo ili uokoe 45 kwa miaka mitatu. Na gari likiharibika kabisa ajalini mwezi wa pili, fidia ya bima huenda kwa benki iliyo mwenye gari, na zile ulizotanguliza kwa kawaida hazirudi.

Tofauti ni kubwa sana na kushusha bei. Ukijadili na kushusha bei kwa 1,000, unapata zile zile 29.03 kila mwezi bila kutoa kitu mfukoni. Kwa mizania hiyo, kumbuka namba ya 29 ukiwa unajadili mkataba wa miezi 36: muuzaji akikuambia "nimekupunguzia elfu moja" na mwezi umeshuka kwa dola 15 tu, kuna namba nyingine iliyopanda.

Kuiweka kwenye jedwali

Kwenye Excel au jedwali lolote la simu, weka bei ya kibandiko kwenye B1, asilimia ya thamani baki B2 (kama 0.58), mtaji uliorekebishwa B3, miezi B4, mani fakta B5, na kodi B6 (kama 0.07). Mstari wa kwanza hapa chini hutoa malipo ya mwezi pamoja na kodi. Wa pili hutoa mani fakta iliyofichwa, ukiweka malipo uliyotajiwa kwenye B7.

```
=((B3-B1*B2)/B4+(B3+B1*B2)*B5)*(1+B6)
=(B7/(1+B6)-(B3-B1*B2)/B4)/(B3+B1*B2)
```

Fomyula hizi ni za majimbo yanayotoza kodi kila mwezi. Kwingineko weka sufuri kwenye B6 na uingize kodi kwenye mtaji ikiwa ndivyo mkataba ulivyofanya. Jibu la kwanza likitofautiana na la muuzaji kwa senti moja au mbili, ni kukadiria desimali. Likitofautiana kwa dola mbili au zaidi, anza kutafuta kwenye mtaji, kwa kuwa hapo ndipo ada zilizosahaulika hukaa. Likitofautiana kwa makumi, angalia kama thamani baki umeipiga kwenye kibandiko au kwenye bei.

Jamaa yangu alimwandikia muuzaji mistari mitatu: mtaji uliorekebishwa 33,000, thamani baki 20,880, mani fakta 0.00125, na akauliza ni ipi kati ya hizo ambayo benki haikuikubali. Karatasi iliyorudi kesho yake ilisema 432.30.